Wasikilizaji wamenyamaza? Uliza swali moja, kisha funga mdomo

Karibuni tena. Leo tunashughulika na wale wasikilizaji wanaokaa tuli, mikono wamekunja, na kila ukiuliza "Tunaelewana?" wanaitikia kwa pamoja "Ndiyooo!" Kiitikio hicho usikitegemee. Mtu anaweza kukitoa huku anawaza nauli.

Tumchukue afisa ugani anayezungumza na wakulima kuhusu kuhifadhi mahindi.

Hatua ya kwanza, andika swali lako mapema. Lisiwe la ndiyo au hapana. "Je, si vizuri kukagua mahindi?" hilo futa. Weka hili: "Lile gunia ulilolishona baada ya mavuno, mara ya mwisho kuingiza mkono mpaka katikati ilikuwa lini?" Hapo hakuna cha kuitikia. Kila mmoja inambidi arudi ghalani kwake kimawazo.

Hatua ya pili, ukishatamka "lini", nyamaza. Shusha kipaza sauti. Usipekue karatasi wala usinywe maji, watadhani umesahau. Hesabu moyoni polepole mpaka nne. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipowachunguza walimu darasani, aliona wengi wanangoja jibu kwa sekunde moja hivi. Walipongoja tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wanafunzi wasiozoea kusema wakajitokeza. Yale yalikuwa maswali ya kujibiwa kwa sauti, ila anayejijibu moyoni naye anataka muda. Tujaribu.

Ilikuwa lini?

…

Umeona ilivyo ndefu? Ukiwa umesimama mbele utaiona ndefu zaidi kuliko wanavyoiona wao waliokaa.

Macho yako yapeleke nyuma kabisa, kisha upande wa pili. Usimkazie mzee mmoja, ataona unamsuta mbele za watu.

Sasa soma dalili. Shingo zikigeuka, mama akimnong'oneza jirani, mtu akiguna, swali limeingia. Endelea kwa sauti ya chini: "Ukiingiza mkono ukasikia joto, jua mahindi hayakukauka vizuri, au wadudu wameshaingia." Simu zikianza kutoka mifukoni, swali halikuwagusa. Usilirudie, songa mbele.

Kuna atakayejibu kwa sauti, hata kama hukutaka jibu: "Tangu mwezi wa saba!" Mpokee: "Tangu mwezi wa saba. Asante, mzee wangu." Halafu nyamaza tena kidogo. Mara nyingi hapo ndipo wa pili anapofungua mdomo, na huyo ndiye niliyekuwa namtafuta mimi.

Kwa mazungumzo ya nusu saa, maswali mawili ya namna hii yanatosha. La tatu watakuwa wameshaushtukia mchezo.

Na kama unatafsiriwa kwa lugha ya pale kijijini, zungumza na mkalimani kabla ya mkutano. Wengi wao kimya kinawatisha, hulijibu swali wao wenyewe. Kubalianeni kwamba akimaliza kulitafsiri, naye anyamaze mpaka umpe ishara.