Sukari ya Damu Iko Wapi? Mhadhara kwa Wauguzi na Watu wa Maabara, Bukavu

Asanteni. Naona pale nyuma wengine wameshaanza kucheka. Wananijua, wanajua nitauliza nini. Haya, nauliza mapema tuachane na kucheka: mgonjwa ametolewa maji ya mgongo, sukari ya maji imepimwa, je, sukari ya damu iko wapi? Karatasi kumi mkiniletea, nane hazina. Halafu mnataka nisome menenjiti ni ya bakteria au ya virusi. Nisome kwa macho gani?

Mambo ya kawaida mnayajua, sitayarudia yote. Bakteria: chembe nyeupe nyingi, mara nyingi zaidi ya 1,000 kwa mikrolita, nyutrofili ndizo zinatawala, protini imepanda, sukari imeshuka. Virusi: chembe makumi au mamia, limfositi ndizo nyingi, protini kawaida au juu kidogo, sukari haijaguswa. Mtihani mnaufaulu kwa maneno hayo. Shida ni kwamba mtoto wa Kadutu hakusoma daftari lenu.

Tumchukue huyo mtoto. Ana miaka 5, siku ya tatu ya homa, usiku ametetemeka kwa degedege. Saa kumi na mbili asubuhi kituo cha afya kimempima malaria, kipimo kimetoka chanya, wakamwekea seromu ya glukozi, wakamdunga seftriaksoni, wakampeleka hospitali. Hospitali gani, msiniulize. Saa tano, seromu bado inatiririka, dokta anatoboa mgongo. Maji yanatoka na ukungu kidogo, si meupe kama maji ya Kivu, wala si usaha. Karatasi inarudi hivi: chembe nyeupe 240, nyutrofili asilimia 70, protini miligramu 160 kwa desilita, sukari 55. Gram: hakuna kijidudu kilichoonekana. Na pembeni ya sukari mtu wa maabara ameandika kwa kalamu nyekundu: «kawaida».

Neno hilo moja lilitaka kumsimamishia mtoto dawa. Daktari kijana akasoma: chembe chache, sukari kawaida, Gram hasi, malaria ipo, basi degedege ni ya malaria, na hizo chembe ni virusi. Ukimsikiliza haraka utakubali.

Sasa mama mmoja muuguzi, ambaye alishachoka na kelele zangu, alikuwa amemchoma mtoto kidole dakika chache kabla ya sindano ya mgongo. Glukometa ilisema 172. Gawanya: 55 kwa 172 ni 0.32. Mtu mzima wa afya, na mtoto vilevile, maji ya mgongo hubeba karibu theluthi mbili za sukari ya damu, yaani 0.6 hivi. Ikishuka chini ya 0.4 bakteria wanapanda juu kabisa ya orodha. 55 ya mtoto ambaye damu yake ina 85 ni salama. 55 ya mtoto ambaye damu yake ina 172 ni njaa.

Kwa nini inashuka? Wengi hudhani bakteria wameila. Wanakula, lakini kidogo. Uvimbe unaharibu mlango unaopitisha sukari kutoka damuni, na ubongo wenyewe na nyutrofili zinaichoma kwa haraka kuliko inavyoingia.

Nasikia mtu anasema: Mwalimu, seromu ndiyo ilipandisha damu, huo uwiano ni wa uongo. Swali zuri, na ndiyo maana nataka saa iandikwe. Sukari ya mgongo inafuata ya damu kwa kuchelewa, kama bei ya dukani inavyofuata dola: dola imepanda asubuhi, mama wa duka anabadilisha bei jioni. Ukimpa mtoto ampuli ya glukozi, halafu dakika ishirini baadaye ukatoboa, damu imeruka na mgongo haujajua. Hapo uwiano unadanganya, usiuamini, tazama sukari ya maji peke yake, na chini ya 40 ushtuke. Lakini huyu wetu seromu ilianza saa kumi na mbili, tumetoboa saa tano. Saa tano zimepita, mgongo ulikuwa na muda wa kutosha kufuata. Haukufuata. Uwiano unasimama.

Na kinyume chake kipo, nacho kinatokea sana hapa kwetu: malaria kali imeshusha damu hadi 35, maji ya mgongo yana 22. Mtu anapiga kelele bakteria! Gawanya kwanza. Ni 0.63. Hakuna menenjiti katika namba hiyo; kuna mtoto anayehitaji sukari sasa hivi. Basi mchome kidole kabla ya kumpa sukari, ni sekunde chache, kisha mpe. Sikusema mngoje sindano ya mgongo ndipo mtibu, msinisingizie huko nje.

Na Gram hasi? Seftriaksoni iliingia saa tano kabla. Meningokoki anaweza kutoweka kwenye kalcha ndani ya saa mbili tu baada ya dawa, nyumokoki kuanzia saa nne hivi. Lakini chembe, protini na sukari hazijisafishi haraka namna hiyo. Kijidudu kimeondoka, fujo yake imebaki nyumbani. Kwa huyo mtoto dawa haikusimamishwa, na kipimo cha lateksi, ambacho kinatafuta mabaki ya kijidudu hata kikiwa kimekufa, kikashikana kwa nyumokoki. Malaria ilikuwepo kweli. Vyote viwili vilikuwepo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa, nakimbia.

Tyubu isilale dirishani. Joto la chumba kwa saa mbili, karibu nusu ya nyutrofili zimepasuka, na zile zilizobaki zinaendelea kula sukari. Unapata chembe chache na sukari ya chini, na hakuna anayejua asome lipi. Tyubu ya kalcha nayo msiiweke kwenye frigo, meningokoki hufa kwa baridi. Hesabu kwanza, chai baadaye. Kwenye chumba cha Fuchs-Rosenthal weka rangi ya Turk, asidi yake inavunja chembe nyekundu na rangi inapaka viini zambarau. Kiini kilichogawanyika ni nyutrofili, cha mviringo ni limfositi. Maji yakiwa na damu ya sindano, toa chembe nyeupe moja kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000, msitoe zaidi mkajifariji.

Virusi pia huanza na nyutrofili siku ya kwanza, hata ya pili. Kwa hiyo asilimia peke yake haihukumu. Protini ikizidi 100 na uwiano ukiwa chini, asilimia haina la kusema.

La mwisho, maana dada amenyoosha mkono tangu mwanzo: limfositi nyingi, sukari chini, ni virusi? Hapana, dada. Virusi huacha sukari, isipokuwa vichache kama vya matubwitubwi. Limfositi na sukari ya chini, waza kifua kikuu na kriptokoki. Uliza kama mgonjwa ana virusi vya ukimwi, kisha changanya tone la mashapo na tone la wino wa China, funika kwa kioo, tazama kama kuna chembe za kriptokoki, zenye duara jeupe kuzizunguka. Wino ukiwa safi, usiwaonyeshe kitu, msifunge jalada: wino hukosa wengi, kipimo cha antijeni kikipatikana kipelekwe hicho.