250250250: bei ya omena na alama ya nyota

(Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya walimu na vijana wanaoanza kuandika programu)

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuja. Leo nimekuja na karuseli moja tu, yaani picha kadhaa zilizopangwa kwa zamu, ambazo mtu huzitelezesha kwa kidole akiwa ndani ya matatu au amekaa nje ya duka. Picha zenyewe ni sita. Zote sita zinafundisha jambo moja: chochote mtu anachokichapa kwenye kibodi huingia ndani ya Python, lugha ya kuandikia programu, kikiwa maandishi, hata kama amechapa tarakimu tupu. Basi. Nimejizuia kuongeza la pili, na mtaona kwamba hilo moja linatosha kutukalisha hapa.

Tuangalie picha ya kwanza. Tuko sokoni Kibuye, na mama anauza omena kwa gorogoro. Programu inamuuliza bei ya gorogoro moja, kisha inapiga hesabu ya gorogoro tatu.

```python
bei = input("Bei ya gorogoro: ")
idadi = 3
print(bei * idadi)
```

Chini ya msimbo nimeandika swali moja: mama akichapa 250, skrini itaandika nini? Hakuna jibu kwenye picha hiyo. Naomba na ninyi mjibu kabla sijasonga mbele. Wanaosema 750 wanyooshe mikono. Naam, karibu ukumbi mzima. Sasa picha ya pili.

```
250250250
```

Huo mnong'ono mnaousikia ndio niliokuwa nikiutafuta. Ndiyo maana swali nimeliweka kwenye picha moja na jibu kwenye nyingine. Mtu akishaahidi 750 moyoni mwake, kidole kikateleza akakuta 250250250, hawezi kuipita picha hiyo bila kujiuliza kimetokea nini. Ningeweka jibu hapo hapo chini ya msimbo, macho yake yangeruka moja kwa moja hadi kwenye jibu na asingekuwa ameahidi chochote.

Angalieni pia kitu kingine: Python haikulalamika. Hakuna maandishi mekundu, hakuna neno la kosa. Programu imefanya kazi mpaka mwisho na imetoa jibu ambalo mama akiliamini atadai zaidi ya shilingi milioni mia mbili na hamsini kwa gorogoro tatu. Karuseli hii nilipoitengeneza mara ya kwanza sikufanya hivi. Niliuliza bei na idadi vyote viwili kwa `input`, na hapo Python hugoma kabisa, kwa sababu haijui kuzidisha maandishi kwa maandishi:

```
TypeError: can't multiply sequence by non-int of type 'str'
```

Nilidhani hilo ni zuri kwa kuwa kosa linaonekana. Lakini wanafunzi walinakili ujumbe huo, wakatafuta dawa yake mtandaoni, wakaibandika, na programu ikaendelea. Nilipowauliza kwa nini dawa imefanya kazi, hawakuwa na la kusema. Kwa hiyo niliiondoa `input` ya pili nikaandika `idadi = 3` mimi mwenyewe. Hilo ndilo badiliko lililonisaidia kuliko mengine yote.

Picha ya tatu ndiyo kitovu, na hapa Kiswahili kimetubeba.

```python
print("pole" * 2)
```

Hii inaandika nini? Nimesikia watoto wa mbele: `polepole`. Hamkuhitaji kufundishwa. Lugha yetu ina kawaida ya kulitaja neno mara mbili ili kupata maana nyingine: polepole, sawasawa, mbalimbali. Alama ya nyota ikisimama kati ya maandishi na namba, Python inafanya hivyo hivyo. Haizidishi, inarudia. Basi Python ilipopewa "250" na kuambiwa mara tatu, ililichukua kama neno, ikalitaja mara tatu bila kuacha nafasi. Kwake hilo halikuwa kosa. Ilitii ilichoambiwa.

Swali linalobaki ni kwa nini iichukue 250 kama neno wakati sisi sote tunaona namba. Kibodi haitumi namba. Mama anabonyeza kitufe cha 2, halafu cha 5, halafu cha 0, na kinachofika ni alama tatu zilizopangana, kama vile k, u, a. Kila alama ina namba yake ya siri ndani ya kompyuta. Mkiandika `ord("2")` Python itawajibu 50, si 2. Alama 5 ni 53, na alama 0 ni 48. Kwa hiyo ndani ya `bei` hakuna mia mbili na hamsini popote. Kuna alama tatu. Anayetaka kuhakikisha aandike `print(type(bei))`, aone `<class 'str'>`. Hiyo `str` ndiyo Python inavyoyaita maandishi. Namba kamili ingeonyesha `int`. Mwanafunzi akiniletea programu inayotoa jibu la ajabu, huo ndio mstari wa kwanza ninaomwambia aongeze.

Maelezo ya `ord` hayamo ndani ya karuseli, nawapa ninyi tu. Kwenye picha ya tatu kuna mstari mmoja wa msimbo na sentensi moja chini yake: "Nyota ikikuta maandishi, inarudia." Mara moja nilijaribu kuongeza sentensi ya pili hapo, na watu wakakumbuka ile ya pili wakaisahau hii.

Picha ya nne ni tiba.

```python
bei = int(input("Bei ya gorogoro: "))
idadi = 3
print(bei * idadi)
```

Sasa inaandika 750. Msimbo huu usomwe kutoka ndani kwenda nje, kama mtu anayemenya kitunguu kinyumenyume. Ndani kabisa kuna swali linalomsubiri mama ajibu. `input` inapokea alama zake tatu na kuzikabidhi nje. `int` inazipokea, inazisoma kama tunavyosoma namba, na kutoa mia mbili na hamsini ya kweli. Hiyo ndiyo inayopewa jina `bei`. Wanaoanza huangukia kwenye mabano: wanafungua mawili na kufunga moja. Ndiyo maana kwenye picha nimeyapaka mabano ya `int` rangi moja na yale ya `input` rangi nyingine.

Nizungumze kidogo kuhusu utengenezaji wenyewe, kwa sababu baadhi yenu mtaenda kutengeneza za kwenu. Msimbo ulio ndani ya picha haunakiliki. Mtu anautazama, kisha anauchapa upya kwenye simu yake, labda ndani ya Pydroid 3, programu ya simu ya kuandikia Python. Kwa hiyo kila alama lazima ionekane wazi. Chagueni mwandiko ambao kila herufi ina upana sawa, na ambao sifuri haifanani na herufi O. Na chungeni alama za kunukuu. Programu nyingi za kutengenezea picha, na hata kibodi za simu nyingine, huzigeuza alama zilizonyooka kuwa zile zilizopinda, ambazo zinapendeza kwenye barua lakini Python haizikubali. Mwanafunzi atapata `SyntaxError` na ataapa kwamba amechapa vilevile alivyoona. Na atakuwa anasema kweli.

Sasa picha ya tano. Dada mmoja wa sokoni ndiye aliyenipa. Alijaribu programu iliyotibiwa, akachapa bei jinsi anavyoiandika kwenye kadi ya bei kila siku: 250/=. Python ikajibu:

```
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '250/='
```

Ujumbe huu unaogopesha, lakini unasema jambo rahisi: nimepewa haya yaliyo kati ya alama za kunukuu, na siwezi kuyasoma kama namba kamili. Tatizo ni mkwaju na alama ya sawasawa. Ndivyo itakavyokuwa kwa mtu anayechapa 1,200 na koma yake, au 12.50 na nukta yake. Kwa hiyo ya nukta kuna `float` badala ya `int`. Nafasi tupu mwanzoni au mwishoni hazisumbui, `int` inaziacha zenyewe. Kwenye picha nimeonyesha ujumbe huo na nikapigia mstari ile `'250/='` ya mwisho, kwa sababu wengi huanza kusoma ujumbe kutoka juu, wanakata tamaa, na jibu liko mwishoni.

Ndiyo, mzee wangu kule nyuma? Unauliza kwa nini kijana wako ana somo la video ambalo `input` bila `int` inazidisha vizuri. Mwambie atazame kama kwenye video hiyo `print` imeandikwa bila mabano. Kama ni hivyo, hiyo ni Python 2. Kule, `input` ilikichukua kilichochapwa na kukitekeleza kana kwamba ni msimbo, kwa hiyo 250 ilitoka ikiwa namba. Ilikuwa hatari, maana mtu angeweza kuchapa amri badala ya bei. Python 3 ilipotoka mwaka 2008 iliiacha tabia hiyo, na Python 2 yenyewe iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 1, 2020. Video bado zipo, ndiyo shida.

Nimebakiwa na picha ya sita. Mtu akishaionja `int` hutaka kuitia kila mahali. Hapa namuuliza tu:

```python
simu = int(input("Namba ya simu: "))
print(simu)
```

Mtu akianza na 07, nini kitapotea? Sifuri ya mbele. `int("0700")` inatoa 700, kwa sababu kwa namba sifuri ya mbele haina uzito. Lakini kwa simu, bila sifuri hiyo humpati mtu. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: je, kuna siku utaijumlisha au kuizidisha? Bei, ndiyo. Idadi ya gorogoro, ndiyo. Namba ya simu au ya kitambulisho, hakuna anayezijumlisha. Hizo ziacheni zikiwa maandishi.

Sasa nani ana Python kwenye simu yake? Wewe kijana wa shati la kijani, njoo mbele. Andika ile programu ya picha ya nne, halafu mpe huyu mama simu achape bei anavyotaka yeye, tuone itakataa nini.