Ukiambiwa "Andika Kuhusu Tabianchi"

Habari za mchana. Kila mmoja wenu siku moja atapewa kazi hii: "Andika kuhusu tabianchi, Ijumaa niione." Wengi huanza kusoma papo hapo. Kufika Jumatano wana kurasa ishirini, kuanzia barafu ya Kilimanjaro hadi bei ya mkaa, na aliyewatuma hana la kufanya nazo.

Kwanza mrudieni mkamuulize: atakayeisoma ni nani, na akishaisoma ataamua nini? Tuseme ni wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, Unguja, wanaotaka kujua kama wahamishie kamba wanazofungia mwani kwenye maji ya kina zaidi. Hapo misitu na mikutano ya kimataifa inajiondokea yenyewe.

Halafu: badiliko lipi, joto la maji, mvua au upepo? Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huko mwaka 1989. Baadaye mwani aina ya kotonii, ule wenye bei nzuri, ukawa unageuka mweupe, unalainika na kukatika kwenye kamba, wengi wakabaki na spinosamu ya bei ya chini. Basi tushike joto la maji, pwani ya mashariki, tangu 1989.

Kwenye vyanzo ndipo wengi hukwama. Takwimu za setilaiti zinapatikana bure na zinavutia, lakini zinapima uso wa bahari kwa miraba mikubwa. Kamba za mwani ziko kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe, kwenye maji ya magoti. Siku za bamvua maji yakipwa na jua limewaka, pale panachemka kuliko nje ya mwamba, na setilaiti haioni. Kwa hiyo tafuteni vipimo vilivyochukuliwa humo humo shambani; pa kuanzia ni Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja. Na mkienda kwa wakulima, msiwaulize "hali ya hewa imebadilika?" Hakuna atakayesema hapana. Muulizeni mama kotonii yake ilikufa mwezi gani, na alikuwa ameipanda wapi.

Swali la mwisho mjiulize wenyewe: kitu gani kingetuonyesha kuwa joto silo lililoua mwani? Mbegu ya huko ililetwa kutoka Ufilipino na huzalishwa kwa kukata vipande vya mche ule ule, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo huenda imechoka. Kotonii ikifa hata wakati wa kipupwe, maji yakiwa baridi, joto peke yake halitoshi kuwa jibu.

Na bosi asipojibu? Wapo wa namna hiyo. Mwandikieni mistari miwili: "Naandika kuhusu joto la maji na kotonii, Paje na Jambiani, tangu 1989. Mvua na bei siziingizi." Kama hakutaka hivyo, atajibu upesi sana.