Anaamka kwa njaa au kwa mazoea? Maongezi na kina mama wa Dodoma

Mbukwenyi! Haya kaeni, walio nyuma sogeeni mbele, sitaki kupiga kelele, koo langu na vumbi la mwezi huu haviivani.

Leo naongelea mtoto mkubwa kidogo. Miezi minane, tisa, kumi na kuendelea, mzima, anacheza, uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki kama unavyotakiwa. Mwenye mtoto wa chini ya miezi sita haya hayakuhusu kabisa, huyo nyonyesha usiku kucha akitaka. Na yule ambaye mstari wake kwenye kadi umelala au umeshuka, tutaongea pembeni, usiende kumpunguzia kitu huyo.

Sasa. Mtoto wa miezi kumi anaamka mara nne usiku. Mama mkwe anasema ana njaa, mpe. Jirani aliyesoma mambo kwenye simu anasema ni mazoea, mwache alie atazoea. Wote wawili hawajui, maana wote wanahukumu kwa kilio, na mtoto analia vilevile akiwa na njaa, akiwa na baridi, pua ikiziba au akiamka tu akakuta hali sio ile aliyolala nayo. Hilo nalisema kila siku na nitalisema tena, kilio hakikwambii kitu, angalia koo. Akinyonya kwa njaa unasikia anameza, gu, gu, gu, dakika kumi na zaidi, anamaliza titi moja anataka la pili. Wa mazoea anavuta mara chache, anameza mara mbili tatu, halafu mdomo umeshika titi lakini haumezi chochote, kesha lala. Huyo titi kwake ni mto wa kulalia.

Ngoja niwape kisa cha mama mmoja wa Nkuhungu, nimwite Mama Neema, sio jina lake. Mtoto miezi kumi, kadi safi kabisa. Mama anafanya kazi Mtumba, anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi anarudi saa kumi na mbili jioni, mtoto anabaki na dada. Akaniambia sista nimechoka, nasinzia ofisini, huyu mtoto ni mazoea tu nataka nimwachishe usiku. Nikamwambia usimwachishe kitu, chukua daftari, usiku tatu mfululizo andika saa aliyoamka, amemeza kwa muda gani, na asubuhi amekula nini. Basi.

Daftari likarudi. Saa nne usiku, anameza dakika moja, amelala. Saa saba, dakika kumi na mbili za kumeza, titi zote mbili. Saa tisa, ameshika tu, hamezi. Saa kumi na moja, anameza sana tena. Usiku wote watatu karibu hivohivo. Mnaona? Mtoto mmoja, usiku mmoja, mara mbili ni mazoea na mara mbili ananyonya kweli kweli. Mama mkwe yuko sahihi nusu na jirani nusu.

Lakini bado hatujamaliza, na hapa ndo wengi wanakosea. Ile ya saa saba anameza kweli, ana njaa kweli, ila kwa nini ana njaa saa saba? Nikamuuliza mchana anakula nini. Uji kwenye chupa ya chai, dada anampa mara mbili. Uji wenyewe upoje? Akasema mwepesi, ili anywe vizuri. Jamani! Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240, yaani kikombe tu, sasa ukikijaza maji ya uwele yenye rangi, limejaa na hajapata kitu. Miezi tisa mpaka kumi na moja anahitaji kama kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chakula, ukiacha maziwa. Na maziwa ya mama mchana hapati hata tone, masaa kumi na mbili. Sasa kwa nini asilipize usiku mama akiwepo? Hajakosea hesabu huyo, anakusanya deni lake.

Najua kuna mtu anataka kusema mbona wetu wa zamani walikunywa uji mwepesi na wakakua. Walikuwa mgongoni kwa mama shambani, wananyonya kutwa. Tuendelee.

Kwa hiyo Mama Neema hakugusa usiku kwanza. Alirekebisha mchana. Uji wa ulezi uwe mzito, ukiinua kijiko usimwagike kama maji, weka karanga zilizosagwa laini au kijiko kidogo cha mafuta, nusu ya kikombe cha robo lita kila mlo. Milo mitatu mpaka minne, yai, maharage yaliyopondwa, mlenda na ugali sio shida. Asubuhi kabla hajatoka anakamua maziwa, yanaenda kwenye friji, asiye na friji ayatumie ndani ya masaa manne, na kwa joto letu la mwezi wa kumi na moja hata mapema zaidi. Akirudi jioni ananyonyesha kabla hata hajavua viatu.

Wiki moja baadaye ile ya saa saba ikawa dakika tatu za kumeza, bila mtu kumnyima. Hapo ndo ukajua lilikuwa pengo la mchana. Na asubuhi akaanza kuulizia uji, kabla yake alikuwa anaukataa mpaka saa nne. Hiyo nayo ni dalili, mtoto anayekataa chakula asubuhi huku amenyonya usiku kucha, mwili wake umezoea kula usiku, njaa ni ya kweli lakini imehamia mahali pasipo pake.

Ile ya saa kumi na moja ilibaki. Nikamwambia iache, mama anaondoka saa moja baadaye, mpe. Shirika la Afya Duniani wenyewe wanasema nyonyesha mtoto akitaka, mchana na usiku, mpaka miaka miwili na zaidi, kwa hiyo hakuna sheria ya kumnyima, na kama wewe huchoki na mtoto mzima, mimi nimekuja kukusumbua tu.

Zile za mazoea sasa, haraka maana muda unaisha. Mtoto anashtuka kila baada ya saa moja hivi, hata nyie mnashtuka mnageuka tu. Aliyelala na titi mdomoni akishtuka analitafuta. Mnyonyeshe mapema jioni, alale akiwa na usingizi lakini macho hayajafunga kabisa. Akiamka saa nne subiri kidogo, mpapase, baba yake aende, ndiyo, baba, hana titi hivyo mtoto hatalidai. Punguza dakika moja moja, siku chache chache. Wa chupa punguzeni mililita 30 kila baada ya usiku tatu nne, sio zote siku moja. Mwezi wa sita na wa saba muangalie kwanza kama kajifunua, baridi ya hapa mnaijua. Akiumwa, acha zoezi lote, mpe anachotaka.

La meno nilitaka kuongelea, muda hakuna. Mliokuja na kadi njooni nazo mbele hapa, ambao hamna kadi mniandikie usiku tatu kwenye karatasi, mje nayo kliniki.