Nyeusi Si Rangi ya Kila Msiba

Asanteni, kaeni jamani. Hili nimelisema Chang'ombe, nimelisema Kikuyu, na leo nalisema tena kwa sababu bado tunakosea. Mtu akipigiwa simu ya msiba, mkono unakimbilia gauni jeusi kabatini kabla hajauliza aliyefariki ni nani na nyumba yake ni ya dini gani.

Alifariki mzee mmoja Mhindu, mwenye duka la vitambaa ambako tulikuwa tukinunulia watoto sare za shule. Tukaenda watatu kutoa pole, tumevaa nyeusi juu hadi chini, na mitandio myeusi. Tulivua viatu mlangoni, tukaingia. Sebule nzima ilikuwa nyeupe! Sari nyeupe, kanzu ndefu nyeupe, wanaume mashati meupe, na sisi watatu katikati yao. Hakuna aliyetusema. Mjane aliinua uso, akatutazama, akainama tena. Baada ya muda kidogo binti yake aliamka, akaingia chumbani, akarudi na mitandio mitatu myeupe iliyokunjwa vizuri. Akatufunika mabegani mmoja mmoja, bila neno.

Tulipotoka alinieleza kwa upole kwamba kwao wengi huihesabu nyeusi kuwa rangi ya nuksi. Nyeupe kwao ni usafi, na ni alama ya kuweka mapambo kando. Kwa hiyo hata nyeupe yenye mapindo ya dhahabu yanayometameta haifai. Malai isiyo na nakshi inakubalika. Nyekundu ndiyo mbaya kabisa, maana hiyo ni ya bibi harusi.

Najua mtaniambia, "Mama, si walijua mmekuja kwa majonzi?" Walijua. Lakini yule binti alikuwa amefiwa na baba siku hiyo hiyo, naye ndiye aliyeamka kututafutia vitambaa. Mfiwa anatakiwa akae, sisi ndio tuamke. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na tafadhali, mtu asiniambie basi Wahindi wote ni nyeupe. Uhindi si dini. Familia nyingi za Kigoa ni za Wakatoliki, na huko gauni lako jeusi liko mahali pake, sawa na kwa Wakristo wengine hapa mjini, isipokuwa familia iwe imetangaza sare yake ya msiba. Ikitangaza, vaa sare hiyo hata kama ina maua.

Kwa Waislamu, tuseme umepigiwa simu kutoka Kondoa asubuhi. Maiti huenda ikazikwa siku hiyo hiyo, hakuna muda wa kushona kitu. Buibui jeusi utakaloliona pale si vazi la msiba, ni vazi la kila siku. Rangi yoyote iliyotulia inatosha, kinachotazamwa ni sitara: kichwa kimefunikwa, mikono imefunikwa, nguo haibani. Mjane ndiye mwenye masharti yake, miezi 4 na siku 10 za eda anaacha wanja, hina, manukato na nguo za kujipamba. Sasa wewe uingie chumbani kwake na uturi na njano ya kuwaka, anayekatazwa hayo yuko mbele yako!

Nije kwenye kanga, maana hapa wanawake ndipo tunapojikwaa. Vijijini kwetu Ugogoni ukifunga kanga moja kiunoni na nyingine ukajitanda, umevaa vizuri, hakuna atakayekuhesabia rangi. Lakini kanga inasomeka. Niliona dada mmoja amechagua doti nzuri ya zambarau na nyeusi, rangi imetulia kabisa, akaketi mkekani mbele ya mjane. Mgongoni imeandikwa "Hasidi hana sababu". Na ile ilikuwa nyumba ambayo mawifi walikuwa wameshaanza kunong'onezana kuhusu kifo. Wakaisoma, wakatazamana, minong'ono ikawa maneno. Yule dada aliitoa tu kabatini, hakuwa na nia mbaya. Kabla ya kutoka, itandaze kitandani usome jina lake. Kisutu, kwa wanaoijua, iacheni, ni ya harusi.

Muda unaniishia. Fulana na kanga za vyama vya siasa, jezi za Simba na Yanga, sitaki hata kuzijadili, msiende nazo. Nililotaka kusema juu ya wanaume na kanzu tutalisema siku nyingine.

Ila simu ya msiba ikija, kabla hujakata, muulize anayekupigia: tunazika kwa dini gani, saa ngapi, na wanawake wa nyumba hiyo wamevaa nini? Asipojua, weka mtandio mweupe kwenye mkoba. Wangu huu hapa, natembea nao.