Salamu za mshenga ukweni: kutoka hodi mpaka "tuna neno"

Karibuni tena. Leo sizungumzii mahari wala barua ya posa. Nakuonyesha dakika kumi au kumi na tano za mwanzo, siku upande wa kijana unapokwenda kujitambulisha kwa mara ya kwanza. Mfano wangu ni safari niliyokuwa mshenga mwenyewe: kijana ni Mngoni wa Songea, binti ni Mhehe, kwao ni kijiji kimoja nje ya mji wa Iringa. Familia zote mbili ni Wakatoliki. Kwenu mambo yanaweza kuwa tofauti kidogo, kwa hiyo muulize shangazi wa binti kabla hamjaondoka. Huyo ndiye atakayewaambia nani asalimiwe kwanza na nini kisitamkwe.

Tuanze na idadi. Tulikwenda wanne: mimi mshenga, baba mdogo wa kijana, shangazi yake, na kaka mmoja wa kubeba mizigo. Kijana tulimwacha mjini, simu mkononi. Kuna koo zinazotaka kumwona siku hiyohiyo. Wakisema aje, aje, lakini akae nyuma na asiseme mpaka aulizwe. Tulifika Iringa jana yake. Basi la kutoka Songea linapita Njombe na Makambako, na likiharibika njiani mtaingia ukweni saa mbili usiku. Hiyo salamu hakuna atakayeipokea vizuri.

Sasa tazama hapa mlangoni. Anayebisha hodi ni mshenga, wengine wako nyuma yake. Sema "Hodi wenyewe!" kisha nyamaza. Ngoja. Wakichelewa, rudia. Hodi hazizidi tatu, na usichungulie dirishani. Wenyeji mara nyingi wanachelewesha makusudi, maana ndani bado wanapanga viti na kumtafuta mzee aliyekwenda kubadilisha shati. Ukisikia "Karibuni", usiingie bado. Jibu "Ahsante, tumekaribia", vua viatu kama unaona vya wenyeji viko nje, vua na kofia. Iringa kuna baridi, najua, lakini kofia inavuliwa.

Ndani, msikimbilie viti. Simameni mpaka muonyeshwe pa kukaa. Kuna kiti kimoja karibu na mlango wa chumbani ambacho mara nyingi ni cha babu au cha baba mwenye nyumba, na huwezi kukijua kwa kukitazama tu.

Mkishakaa, ndipo salamu. Hapa ndipo watu wengi wanaharibu, kwa sababu kila mmoja anaanza kusalimia kivyake. Msemaji ni mmoja. Mshenga anaanza: "Tumsifu Yesu Kristo." Wenyeji wanaitika: "Milele na milele, amina." Kwa Waislamu utaanza na "Asalamu alaikumu", na wanawake usiwape mkono mpaka wao wenyewe wanyooshe. Baada ya hapo: "Wazee wetu, shikamooni." Wakishasema "Marahaba", wale wadogo katika msafara wenu wanapita mmoja mmoja wakiwaamkia wazee, wakianza na mkubwa kuliko wote. Shangazi yetu alipiga goti mbele ya bibi wa binti, akamsalimia "Kamwene", salamu ya Kihehe aliyofundishwa asubuhi ile. Bibi alicheka, akamshika mikono yote miwili. Neno moja la lugha yao linatosha. Usijaribu hotuba nzima ya Kihehe uliyoikariri kwenye basi.

Na kama wewe mshenga una umri mkubwa kuliko baba wa binti? Mwamkie baba yake na mama yake binti hata hivyo kwa heshima ya nyumba, walau kwa "Habari za hapa, mzee". Usikae ukisubiri shikamoo. Siku hiyo ninyi ni waombaji.

Tukio letu lilitokea hapahapa. Wangoni na Wahehe ni watani, tangu zile vita za karne ya 19. Kabla hata hatujamaliza kusalimia, mama mkubwa wa binti akauliza kwa sauti, "Wangoni! Leo mmekuja bila mikuki?" Chumba kizima kikacheka. Baba mdogo wetu, badala ya kuniachia, akajibu na ule utani kwamba Wahehe wanakula mbwa. Mama mkubwa akacheka. Bibi hakucheka, kwa sababu alikuwa bado hajaamkiwa na yule baba mdogo. Babu akasema pale pale: "Huyu ametania kabla ya kusalimia. Faini." Kreti moja ya soda. Nikasimama, nikaomba radhi, baba mdogo akaenda kuamkia tena upya, na kaka wa mizigo akatumwa dukani. Haikuwa mbaya, lakini tulipoteza nusu saa. Wenyeji wakikutania, cheka, upokee, useme "Mikuki tumeiacha kwa wajomba", basi. Utani wako utoe baadaye, watu wakiwa wameshakunywa.

Hatua inayofuata ni kufikisha salamu za waliowatuma. Simamisha video hapa uandike, maana hii ndiyo sehemu wazee wanayoisikiliza kwa makini. Mimi nilisema hivi:

"Wazee, tumetoka Songea, nyumbani kwa mzee fulani bin fulani. Mzee na mama wanawasalimu sana. Watoto ni wazima, mvua imenyesha, mahindi yako shambani. Bibi miguu inamsumbua kidogo, ndiyo maana hakuweza safari, ila amesema tuwaambie anawasalimu."

Unaona nilivyotaja miguu ya bibi? Salamu za "wote wazima, hakuna shida" zinasikika kama za mtu anayeficha. Toeni habari za kweli, na kama kuna msiba uliopita karibuni kwenu, utajwe hapa, usije ukagundulika baadaye. Kwao kukiwa na msiba, anzeni na pole kabla ya habari nyingine yoyote.

Kisha tambulisha wenzako, na umtambulishe kila mtu kwa udugu wake na kijana: "Huyu ni baba mdogo wake, tumbo moja na baba. Huyu ni shangazi." Cheo cha ofisini na gari lililopo nje usivitaje. Wakitaka kujua watauliza, na watauliza.

Baada ya hapo wenyeji watajitambulisha, watawapa maji au chai. Kunyweni. Msianze kusema neno lenu kikombe kikiwa bado kimejaa. Mtakapokuwa mmekunywa, msemaji wao atauliza kitu kama, "Haya, wageni, mbali na salamu, kuna jambo?" Huo ndio mlango wenu. Msijifungulie wenyewe.

Jibu langu lilikuwa fupi: "Mzee, kwema, ila tuna neno. Kijana wetu ametuambia amepita hapa, ameona ua, naye ametutuma tuje tuulize wenye bustani." Jina la binti sikulitaja. Wapo wazee wasiopenda mafumbo, shangazi atakuwa amekwambia, hao waambie wazi, "Tumekuja kuomba undugu katika nyumba hii." Pesa usiitaje kabisa, na bahasha ibaki mfukoni.

Ukishasema hivyo, nyamaza. Babu wa Iringa alikaa kimya muda mrefu, akamtazama bibi, akatazama nje. Kaka yetu akataka kuongeza neno, nikamkanyaga mguu. Mwishowe babu akasema, "Hapa maua ni mengi. Mlioona ni lipi?"

Hapo ndipo nikalitaja jina, na shangazi wa binti akainuka kwenda kumwita.