Sura ya Mtoto Ndani ya Alama ya Insha

Mhadhara kwa walimu wa shule za msingi na sekondari msingi, Kisumu

Walimu wenzangu, hamjambo. Nashukuru mmenipa saa ya asubuhi kabla joto la ziwani halijatupanda. Nimeombwa nizungumzie jinsi sura ya mwanafunzi inavyoathiri matarajio ya mwalimu. Nitaibana mada hiyo mpaka ibaki mahali pamoja: mezani kwa mwalimu wa Kiswahili, jioni, mbele ya rundo la insha.

Viwango mnavijua. D ni 01 hadi 05, C ni 06 hadi 10, B ni 11 hadi 15, A ni 16 hadi 20. Mnajua pia kwamba insha haisahihishwi kwa kujumlisha vipande. Unaisoma hadi mwisho, unaamua imefika kiwango gani, ndipo unatafuta pa kuiweka ndani ya kiwango hicho. Makosa ya hijai na sarufi unayahesabu kwa kalamu nyekundu, lakini mtindo, mtiririko na ukomavu wa mawazo unavikadiria. Mwalimu wa hesabu hana nafasi hiyo. 7 mara 8 ni 56, awe ameiandika nani.

Tuchukue insha moja ya Gredi ya 8 kuhusu safari ya Dunga. Mtoto ameandika: "Tulifika ufuoni saa tatu. Wavuvi wanavuta nyavu na mwalimu alituambia tusikaribie maji." Nyakati zimechanganyika. Mbele kidogo ametia methali, "Haraka haraka haina baraka", mahali ambapo hakuna aliyekuwa na haraka. Hata hivyo maelezo ya mama anayekaanga samaki yana uhai, na mwisho unaeleweka. Hii ni insha ya mpakani, ama C ya juu ama B ya chini.

Sasa iwe imeandikwa na binti aliyesuka nywele vizuri, sweta yake haina doa, ana uso ambao wageni wa shule humwita aje kuwapa maua. Mwalimu akikutana na "wanavuta" anaona kosa la mtu aliyeharakisha. Methali anaiona kama jitihada. Anaandika 11. Insha hiyohiyo iwe ya kijana mwenye mabaka ya mashilingi kichwani, viwiko vya sweta vimetoboka, midomo imekauka. "Wanavuta" inakuwa ushahidi kwamba nyakati hazijui. Methali inakuwa ya kukariri. Anapata 08. Mwalimu huyo ukimwuliza atakupa sababu za alama zote mbili, na sababu zote zitakuwa za kweli, maana makosa yapo na uhai wa maelezo upo. Kilichobadilika ni kipi alikipa uzito.

Mfano huo nimeutunga, lakini jambo lenyewe limepimwa. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Landy na Sigall, waliwapa wanafunzi wa kiume wa chuo insha kuhusu televisheni na jamii. Insha moja ilikuwa nzuri, nyingine mbovu. Baadhi ya nakala ziliambatishwa picha ya msichana mrembo kama mwandishi, nyingine picha ya msichana asiyevutia, nyingine hazikuwa na picha. Walitoa alama kwa kipimo cha 1 hadi 9. Insha nzuri ilipata 6.7 ikiwa na picha ya mrembo na 5.9 ikiwa na picha ya yule mwingine. Tofauti ipo, ila si ya kutisha. Insha mbovu ndiyo iliyotoa siri: 5.2 kwa mrembo, 2.7 kwa asiyevutia.

Naomba tulitue hapo, kwa sababu mara nyingi watu hulielewa jambo hili kinyume. Tunadhani sura humpandisha aliye juu. Takwimu hizi zinaonyesha kwamba kazi nzuri hujitetea yenyewe, na kwamba anayeumia zaidi ni yule ambaye kazi yake ni dhaifu na sura yake pia haimbebi. Huyo ndiye mtoto ambaye alama mbili zingemweka darasani kimoyo. Ni haki pia kusema kwamba waliokuwa wakisahihisha walikuwa vijana wa kiume wakitazama picha za wasichana. Hawakuwa walimu.

Walimu walipimwa mwaka mmoja kabla. Clifford na Walster waliwatumia walimu wa darasa la tano, jimbo la Missouri, ripoti ya mwanafunzi yenye alama zilezile, na kubadilisha picha tu. Mwenye picha ya kupendeza alikisiwa kuwa na akili zaidi, na hata wazazi wake wakadhaniwa kuwa wanajali masomo zaidi. Hebu fikirini: sura ya mtoto inatumiwa kumkadiria mama ambaye mwalimu hajawahi kumwona.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa karibuni. Adrian Mehic, wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, aliangalia alama za wanafunzi wa uhandisi kabla ya korona na wakati masomo yalipohamia mtandaoni. Wanafunzi wa kike wenye sura ya kuvutia walikuwa wakipata alama bora katika masomo yasiyo ya hesabu, yale ambayo mwalimu hukaa na wanafunzi na kutathmini kazi za maandishi na mijadala. Katika masomo ya hesabu na fizikia hali hiyo haikuonekana. Mwalimu alipoacha kuwaona ana kwa ana, faida ya wasichana ikatoweka. Ya wavulana ilibaki, na Mehic akaona kwamba pengine kwao sura huenda pamoja na jambo jingine, kama kujiamini, ambalo kweli linasaidia masomo. Kwa hiyo mtu asiondoke hapa akisema kila mwenye sura nzuri amepewa alama za bure.

Lakini nani darasani kwetu ana "sura nzuri"? Ukiwa na watoto kutoka mitaa ya mabanda kama Obunga na Nyalenda, unachokiona kwanza kwa nadra huwa ni umbo la pua. Unaona kola, unaona viatu, unaona ngozi iliyopakwa mafuta au isiyopakwa. Utafiti mmoja wa Marekani kuhusu wanafunzi wa sekondari ulitenganisha urembo na unadhifu. Unadhifu ulipoingizwa kwenye hesabu pamoja na haiba, urembo wenyewe haukubaki na faida. Kwetu hilo ni zito, kwa sababu unadhifu unanunuliwa: sabuni, sweta ya pili, maji ya mtungi. Nikisema sura, basi, kwa sehemu kubwa nasema pesa iliyovaliwa.

Zamani tungejifariji kwamba mtihani wa mwisho unasahihishwa na mtu asiyemjua mtoto. Kuanzia kundi la kwanza la Gredi ya 9, mwaka 2025, asilimia 60 ya matokeo ni mtihani wenyewe, asilimia 20 inatoka tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, na asilimia 20 inatoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Hizo za shuleni zinapimwa na mwalimu anayemwona mtoto kila siku, mara nyingi kwa maneno mapana kama "kufikia matarajio" na "kukaribia matarajio". Silaumu mfumo. Mwalimu anayemjua mtoto huona mambo ambayo karatasi ya saa mbili haiwezi kuonyesha. Nasema tu kwamba mpaka kati ya kufikia na kukaribia ndipo insha yetu ya Dunga inapokaa.

Na mtoto mwenyewe? Anajua mapema kuliko tunavyofikiri. Kule Israeli, Babad na wenzake waliwarekodi walimu kwa sekunde 10 wakizungumza na mwanafunzi waliyemtarajia makubwa, kisha na mwingine wasiyemtarajia kitu. Mwanafunzi hakuonekana kwenye picha. Watazamaji, wakiwemo watoto wa darasa la nne, waliweza kutambua mwalimu anamwongelesha yupi. Video zikapelekwa New Zealand kwa watu wasiojua Kiebrania hata neno, nao wakatambua. Kumbe si maneno yetu yanayotufichua. Mary Budd Rowe, ambaye alipima ukimya wa walimu baada ya swali, alikuta walimu wakiwasubiri wanafunzi wanaowaona bora takriban sekunde 2, na wanaowaona dhaifu kama sekunde 1. Mtoto anayesubiriwa sekunde moja hujifunza kutoinua mkono, na sisi huandika kwenye ripoti: hashiriki.

Nisiwatie hofu kupita kiasi. Lee Jussim, aliyechambua utafiti huu kwa miaka mingi, anashikilia kwamba matarajio ya walimu kwa kawaida hufuata uwezo halisi, na kwamba athari yake kwa mtoto wa wastani ni ndogo. Yeye huyohuyo na wenzake walikuta athari ikiwa kubwa zaidi kwa wanafunzi wa familia maskini. Kwa hiyo usiitafute athari hii katika wastani wa darasa, haitaonekana. Itafute kwa wachache.

Namna ya kuitafuta ni hii. Chukua insha 20 unazotaka kusahihisha. Piga nakala kabla hujaweka alama, funika majina, mpe mwenzako asiyefundisha darasa hilo. Akimaliza, linganisheni mtoto kwa mtoto. Akiwa mkali kukuliko kwa alama 2 kwa karibu kila mtoto, huo ni ukali wake, uondoe kwenye hesabu. Tuseme basi binti wa maua ulimpa 11 naye akampa 07. Ametelemka 4 wakati wenzake wametelemka 2. Kijana wa sweta ulimpa 08 naye akampa 09: amepanda 1, yaani yuko 3 juu ya mkondo. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, kwani watahini wawili waaminifu hupishana alama moja au mbili. Ila ukiwapanga watoto wako watano wenye sare mbovu, wote wakawa wamepanda kwa mwenzako, hapo una jibu. Waangalie hasa wa kati ya 08 na 13.

Dawa yake haina gharama. Jina liandikwe nyuma ya ukurasa wa mwisho. Mwandiko utawafichua wengine, ni kweli, lakini hautawafichua wote. Kabla ya kusoma, andika kwa sentensi mbili kitakachokufanya uiite insha B. Halafu zote zilizoangukia 09 hadi 12 zisome tena kesho yake, kwa mpangilio mwingine.

Mwalimu mmoja pale nyuma ameuliza: "Je, mtoto akija mchafu nimnyamazie?" Hapana, mwalimu. Mashilingi ni ugonjwa wa fangasi, unaambukiza, na kwa kawaida dawa ya kupaka peke yake haitoshi kichwani. Anahitaji vidonge kutoka kituo cha afya. Mwite pembeni, ongea na mzazi, mpeleke. Ila usifanye hivyo ukiwa umeshika daftari lake. Nimeona madaftari ambapo chini ya insha pameandikwa "Kuwa nadhifu" na hakuna neno lolote kuhusu nyakati za vitenzi. Mtoto huyo ataandika "wanavuta" tena wiki ijayo.